Kuthibitisha sheria ya kimila ya kimataifa: uanzie kwenye matendo ya nchi au kwenye kauli zao?

Mwanasheria anayetaka kuishawishi mahakama kwamba nchi fulani imefungwa na kanuni ambayo haimo katika mkataba wowote iliouridhia ana njia mbili za kuchagua. Ya kwanza ni kukusanya matendo ya nchi, kuyahesabu na kuyapanga, kisha kuuliza kwa nini nchi hizo zilitenda hivyo. Ya pili ni kuanza na yale ambayo nchi zenyewe zimeyatamka kuwa ni sheria, hasa katika maazimio ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kisha kupima kama matendo yao yanayaunga mkono matamko hayo au yanayaumbua. Njia zote mbili zinaelekea mahali pamoja, kwa kuwa Ibara ya 38 ya hati iliyoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Haki inadai mambo mawili kwa pamoja: mwenendo wa jumla wa nchi, na mwenendo huo kukubalika kuwa ni sheria. Tofauti iko katika pa kuanzia na katika mahali ambapo mzigo mkubwa wa ushahidi unaangukia. Nimesoma hoja nyingi za wanafunzi wanaojiandaa kwa mashindano ya mahakama za mfano, na wanaokwama hawakwami kwa uvivu wa kutafuta ushahidi. Wanakwama kwa sababu wamechagua njia isiyolingana na aina ya kanuni waliyopewa.

Kabla ya kulinganisha, inafaa tukielewe hicho kitu cha pili, yaani mwenendo kukubalika kuwa ni sheria, maana ndicho kinachowasumbua wengi. Mtaani, jirani akifiwa, kila mtu anakwenda msibani na kutoa rambirambi. Asiyekwenda atasemwa, pengine hata kutengwa, lakini hakuna atakayempeleka Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa kurudishiwa mahari ndoa inapovunjika, kwa upande mwingine, unafika mahakamani na hakimu anausikiliza kwa sheria za kimila. Tendo la kwanza pengine hufanyika mara nyingi kuliko la pili, na kwa uaminifu zaidi, lakini ni la pili tu ambalo watu hulitenda wakijua kwamba wakikataa wanaweza kulazimishwa. Kwa nchi pia ni hivyo hivyo. Kumpokea rais mgeni kwa zulia jekundu na mizinga 21 ni mwenendo unaokaribia kufanana duniani kote, ila nchi itakayoacha mizinga hiyo haitakuwa imevunja sheria ya kimataifa.

Kuanzia kwenye matendo: Bahari ya Kaskazini, 1969

Kesi inayoifundisha njia ya matendo vizuri kuliko nyingine ni ile ya mgawanyo wa sakafu ya Bahari ya Kaskazini, iliyoamuliwa tarehe 20 Februari 1969 kwa kura 11 dhidi ya 6. Denmark na Uholanzi zilitaka mipaka yao na Ujerumani Magharibi chini ya bahari ichorwe kwa mstari wa umbali sawa, yaani mstari ambao kila nukta yake iko mbali na pwani ya nchi moja kwa kiasi kile kile ilivyo mbali na pwani ya nchi ya pili. Kanuni hiyo ilikuwamo katika Ibara ya 6 ya Mkataba wa Geneva wa 1958. Ujerumani iliusaini mkataba huo lakini haikuuridhia, na ilikuwa na sababu nzito ya kuukwepa mstari huo. Pwani yake imebonyea ndani katikati ya majirani wawili, na mistari miwili ya umbali sawa ikichorwa kutoka pande zote mbili, inapinda kuelekeana na kukutana karibu, ikiiachia Ujerumani kipande cha pembetatu huku majirani wakijinyoosha hadi katikati ya bahari.

Kwa kuwa mkataba haukuifunga Ujerumani, Denmark na Uholanzi zilibaki na hoja ya mila: kwamba tangu 1958 nchi zimekuwa zikitumia mstari wa umbali sawa, na kwa hiyo sasa ni sheria kwa kila mtu. Zilileta mifano ipatayo kumi na mitano ya mipaka iliyochorwa hivyo. Mwanafunzi akiwa na mifano kumi na mitano hujiona ameshinda. Tazama basi Mahakama ilivyoichambua.

Kwanza iliwatoa walioufuata mkataba. Zaidi ya nusu ya nchi zilizotajwa zilikuwa wanachama wa Mkataba wa Geneva, au zilikuwa karibu kuwa wanachama, kwa hiyo zilipochora mstari wa umbali sawa zilikuwa zikitekeleza mkataba wao. Kitendo chao hakituambii kama zingejiona zina wajibu huo bila mkataba. Kisha iliangalia waliobaki, ikaona kwamba zilichagua mstari huo, basi. Hakukuwa na ushahidi kwamba zilijiona zimelazimika kisheria kuuchagua, kwani mstari huo ni rahisi kuchora na huenda uliziridhisha pande zote. Tena mingi ya mipaka hiyo ilikuwa kati ya nchi zinazotazamana ng'ambo ya bahari, ambako mstari wa kati hugawa sawasawa, wakati mgogoro uliokuwa mezani ulihusu nchi zilizopakana ubavu kwa ubavu, ambako umbo la pwani linaupotosha mstari. Kulikuwa pia na kasoro ndani ya mkataba wenyewe: ulikuwa ukiruhusu nchi kujiunga huku ikikataa kufungwa na Ibara ya 6, na ni vigumu kudai kwamba kanuni inayoruhusu kukwepwa na wanachama wake yenyewe imekuwa sheria kwa wasio wanachama.

Jambo moja ambalo Mahakama haikulikataa ni muda. Ilisema kwamba kupita kwa muda mfupi si kizuizi peke yake, ila pale ambapo muda ni mfupi, mwenendo lazima uwe umeenea na uwe karibu kufanana kabisa, ukihusisha pia nchi ambazo maslahi yao yanaguswa zaidi. Maneno hayo ya mwisho huachwa mara nyingi. Mifano thelathini ya nchi zisizo na pwani haina uzito katika mgogoro wa bahari.

Faida ya njia hii, basi, ni kwamba ikifanikiwa ni vigumu kuipangua, kwa sababu kila jiwe la ukuta limekaguliwa. Hasara yake ni kwamba inamtaka mtu athibitishe nia ya serikali, na serikali mara chache huandika kwamba zinatenda jambo kwa sababu sheria inazilazimisha. Udhaifu huo ulionekana tangu 1927 katika kesi ya meli Lotus. Meli hiyo ya Kifaransa iligongana katika bahari kuu na meli ya Kituruki Boz-Kourt, Waturuki wanane wakafa, na afisa wa Kifaransa aliyekuwa zamu akashtakiwa Istanbul. Ufaransa ilionyesha kwamba ni nadra kwa nchi nyingine kuendesha mashtaka kama hayo badala ya nchi yenye bendera ya meli. Mahakama ya wakati huo ilijibu kwamba hata kama ni kweli, hilo linaonyesha tu kwamba nchi nyingi zilijizuia. Halionyeshi kwamba zilijiona zina wajibu wa kujizuia. Kimya cha mtu hakisemi kwa nini amenyamaza, na kanuni nyingi za sheria ya kimataifa ni makatazo ambayo kuyatii kwake ni kimya kitupu.

Kuanzia kwenye kauli: Nikaragua, 1986

Hapo ndipo njia ya pili inapata nafasi yake. Nikaragua iliishtaki Marekani kwa kutega mabomu bandarini mwake na kuwasaidia waasi wa Kontra. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza matumizi ya nguvu, na nchi zote mbili ni wanachama, lakini Marekani ilipoikubali mamlaka ya Mahakama mwaka 1946 iliweka sharti lililoizuia Mahakama kutumia mikataba ya pande nyingi katika kesi hiyo. Mahakama ikalazimika kuuliza: je, katazo hilo lipo pia nje ya mkataba, kama mila?

Hebu jaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya Bahari ya Kaskazini. Utakusanya nini? Siku ambazo nchi hazikushambuliana haziachi kumbukumbu, na zilizoshambuliana zinajaza magazeti. Ukihesabu matendo yanayoonekana, utahitimisha kwamba sheria inaruhusu vita. Mahakama ilikwenda kinyume chake. Ilianza na jinsi nchi zilivyolipokea Azimio la 2625 la mwaka 1970, lililopitishwa na Baraza Kuu bila kupigiwa kura, ikasema kwamba kulikubali kwao ni kuikubali kanuni yenyewe kuwa ni sheria, na si kurudia tu maneno ya mkataba. Kuhusu matendo, ilishusha kipimo kwa namna ambayo bado inabishaniwa: si lazima mwenendo wa nchi ulingane na kanuni bila doa lolote, inatosha kwamba kwa ujumla unaendana nayo, na kwamba matendo yanayokwenda kinyume yanachukuliwa kuwa uvunjaji wa kanuni na si dalili ya kanuni mpya.

Sehemu ya hukumu hiyo yenye manufaa zaidi kwa mtendaji inahusu visingizio. Nchi inapofanya jambo linaloonekana kuvunja kanuni, kisha ikajitetea kwa kudai kwamba inajilinda au kwamba imealikwa na serikali ya nchi hiyo, utetezi huo unaithibitisha kanuni, hata kama tendo lenyewe halikubaliki. Mwizi anayejitetea kwamba mali ni yake hajasema kwamba wizi ni halali. Kwa hiyo, katika makatazo, usihesabu uvunjaji. Soma maelezo yaliyotolewa siku iliyofuata.

Njia hii ni nyepesi kuanza na rahisi kuharibika. Kuinua mkono New York hakugharimu kitu, na wajumbe wengi hupigia kura maneno ambayo serikali zao hazina nia ya kuyafuata. Kipimo cha kwanza ni kura zenyewe. Azimio la 1514 la tarehe 14 Desemba 1960, kuhusu uhuru wa nchi zilizokuwa makoloni, lilipata kura 89, hakuna aliyepinga, na nchi 9 hazikuegemea upande wowote. Mwaka 2019, ilipotoa maoni yake kuhusu visiwa vya Chago vilivyotengwa na Morisi mwaka 1965, Mahakama iliona kwamba azimio hilo lilitamka haki ya watu kujiamulia mambo yao kama mila, na ikaongeza kwamba katika miaka ya 1960 maeneo mengine 28 yalipata uhuru. Kauli na matendo vilikwenda pamoja. Kwa silaha za nyuklia ilikuwa vingine. Kulikuwa na mfululizo wa maazimio yanayotamka kwamba kuzitumia ni haramu, na hakuna aliyezitumia vitani tangu 1945, lakini kadhaa ya maazimio hayo yalipita huku kura nyingi zikiyapinga au kujizuia, na nchi zenye silaha hizo ziliendelea kutegemea tishio la kuzitumia. Mwaka 1996 Mahakama ilikataa kuona humo imani kwamba kuna wajibu wa kisheria.

Ipi kwa kanuni ipi

Kwa maoni yangu uchaguzi unategemea swali moja: anayeitii kanuni huonekana akifanya nini? Kanuni inayoipa nchi haki ya kudai kitu, kama eneo, ada au mamlaka, huacha matendo ya wazi, na huko njia ya matendo ni bora na pia ni ya haraka kuliko watu wanavyodhani. Ukanda wa kiuchumi wa maili 200 baharini ni mfano ulio karibu na pwani yetu. Kenya, kupitia mwanasheria wake Frank Njenga, ililitoa wazo hilo katika mikutano ya wanasheria wa Asia na Afrika mwaka 1971 na 1972, na mwaka huo wa 1972 ikawasilisha rasimu ya ibara katika kamati ya Umoja wa Mataifa. Nchi baada ya nchi ikatangaza ukanda wake. Kenya yenyewe ilitangaza mwaka 1979. Mkataba wa Sheria ya Bahari ulisainiwa Desemba 1982 na haukuanza kutumika hadi Novemba 1994, lakini tayari mwaka 1985, katika kesi ya Libya na Malta, Mahakama ilisema kwamba mwenendo wa nchi umeufanya ukanda huo kuwa sehemu ya mila. Marekani, ambayo haikuusaini mkataba huo, ilikuwa imejitangazia ukanda wake mwaka 1983. Hakuna aliyehitaji kuuliza imani ya nchi hizo ilikuwa ipi, maana aliyetangaza alikuwa akidai haki, na aliyenyamaza alikuwa akipoteza uhuru wa kuvua samaki katika eneo hilo. Kimya kinachomgharimu mwenyewe kina maana.

Kanuni inayokataza, kwa upande mwingine, ianze na kauli, kwa sharti kwamba kauli ziwe za nchi nyingi, ziwe zimetolewa kama maelezo ya sheria iliyopo na si matakwa ya siku zijazo, na zisipingwe na wale wanaoguswa zaidi. Na ipo aina ya ushahidi inayoziunganisha njia zote mbili: hukumu za mahakama za ndani. Jaji anapokataa kusikiliza kesi dhidi ya nchi ya kigeni kwa sababu sheria ya kimataifa inamlazimisha, tendo na sababu yake vimo katika karatasi moja. Ndiyo maana katika kesi ya Ujerumani na Italia ya mwaka 2012, kuhusu kinga ya nchi, Mahakama iliegemea sana hukumu za namna hiyo. Ila usiihesabu karatasi hiyo mara mbili bila kuonyesha ni sentensi ipi inathibitisha nini, maana Tume ya Sheria ya Kimataifa, chombo cha Umoja wa Mataifa, katika mahitimisho yake ya mwaka 2018, ilisisitiza kwamba kila kimoja cha vitu viwili kithibitishwe peke yake.

Kesi ya Yerodia: njia zikigongana

Ugumu halisi uko kwenye kanuni zilizo katikati, na hapa kesi ya Kongo dhidi ya Ubelgiji inastahili kusomwa polepole. Tarehe 11 Aprili 2000 hakimu mpelelezi wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kongo, kwa hotuba za Agosti 1998 zilizodaiwa kuchochea chuki dhidi ya Watutsi. Kongo ilidai kwamba waziri aliye madarakani ana kinga kamili katika mahakama za nchi nyingine. Ubelgiji ilijibu kwamba kinga hiyo haiwalindi wanaoshtakiwa kwa uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Hakuna mkataba uliolimaliza suala hilo, kwa hiyo ilibaki mila.

Tarehe 14 Februari 2002 Kongo ilishinda kwa kura 13 dhidi ya 3. Kinachovutia ni namna Mahakama ilivyoigawa kazi. Kuhusu kuwapo kwa kinga yenyewe, ilisema kwamba imethibitika vyema, na kiasi chake ikakitoa katika majukumu ya waziri huyo: husafiri na hujadiliana kwa niaba ya nchi yake, na akihofia kukamatwa hawezi kuifanya kazi hiyo. Haikuorodhesha matendo. Kuhusu ubaguzi wa uhalifu mkubwa, yaani dai kwamba kinga haiuhusu uhalifu huo, ilirudi kwenye njia kali ya matendo: ilipitia sheria za nchi na hukumu chache za mahakama za juu, zikiwamo zile za Uingereza kuhusu Pinochet, aliyewahi kuitawala Chile, na za Ufaransa kuhusu Gaddafi, ikasema kwamba haikuona humo mila yoyote inayoondoa kinga ya waziri aliye madarakani. Kanuni ilipimwa kwa mizani moja, na ubaguzi wake kwa mizani nyingine iliyo ngumu zaidi.

Christine Van den Wyngaert, jaji aliyeteuliwa na Ubelgiji kwa kesi hiyo, alilishika jambo hilo katika maoni yake ya kupinga. Alisema kwamba hakuna mwenendo wa kutosha unaowahusu mawaziri wa mambo ya nje, na kwamba kutowashtaki kwao kunaweza kutokana na adabu, siasa au ukosefu wa ushahidi. Kimya hicho, kwa mujibu wa kesi ya Lotus, si uthibitisho wa wajibu. Nadhani kuhusu mbinu alikuwa sahihi, hata kama matokeo ya hukumu yanaweza kutetewa kwa sababu nyingine. Somo kwa mwandishi wa hoja ni kwamba uamuzi wa kwanza si kuchagua njia, ni kuamua nani abebe mzigo. Ukiwa wakili wa Kongo, iandike kinga kama kanuni kuu na umwachie mwenzako athibitishe ubaguzi kwa matendo, kazi ambayo karibu haiwezekani. Ukiwa wakili wa Ubelgiji, anza nyuma zaidi: kataa kwamba kinga ya waziri imethibitika hata kidogo, ili mzigo wa matendo urudi kwa anayeidai.

Na kwa upande wowote, usiuache ukimya bila kuuhoji. Mahitimisho ya 2018 yanakubali kwamba kutojibu kwa muda mrefu kunaweza kuwa dalili ya kukubali sheria, ila kwa masharti mawili: nchi iwe ilikuwa na uwezo wa kujibu, na hali iwe ilidai jibu. Kwa hiyo tafuta barua za malalamiko zilizopelekwa wizarani. Iwapo mtu wa cheo hicho aliwahi kukamatwa na nchi yake ikalalamika kwa kutaja sheria, una kitu cha kuweka mezani. Iwapo ililalamika kwa kutaja urafiki wa nchi mbili tu, umepata adabu.